Uzi: a, b na c zikiokotwa kibahati kati ya 0 na 1, uwezekano wa ax² + bx + c = 0 kuwa na mizizi halisi ni kiasi gani?

#1 Tarakimu_Tatu

Wakuu, habari za jioni. Kuna swali limeingia kwenye kundi la wanafunzi wa kidato cha sita na kila mtu ameondoka na jibu lake. Koefisienti a, b na c zinachaguliwa bila kutegemeana, kila moja popote kati ya 0 na 1, na hakuna sehemu inayopendelewa kuliko nyingine. Uwezekano wa ax² + bx + c = 0 kuwa na mizizi halisi ni kiasi gani?

Mpaka sasa nimeona 1/12, 1/9 na 1/4, halafu mmoja kaweka jibu lenye ln 2 ndani yake na hakuonyesha njia. Jibu tupu halinisaidii. Nataka kuona eneo lenyewe linavyochorwa na kuintigretiwa, na hayo majibu mengine yamepotelea wapi. Na logi inaingiaje kwenye swali ambalo halina logi hata moja?

#2 Fundi_wa_Kanuni

1/9. Halihitaji mjadala.

Sharti ni b² ≥ 4ac. Kwa kuwa zote ni chanya, hiyo ni sawa na b ≥ 2√(ac). Ukishika a na c zisibadilike, b imesambaa sawasawa kati ya 0 na 1, hivyo uwezekano wake wa kuzidi 2√(ac) ni 1 − 2√(ac). Sasa tafuta wastani kwa a na c zote. Wastani wa √a kati ya 0 na 1 ni 2/3, wa √c vilevile 2/3, na hazitegemeani, kwa hiyo unazidisha: 1 − 2 × 4/9 = 1/9.

Mistari minne, kazi imekwisha. Huyo wa ln 2 alikuwa anafanya swali jingine.

#3 Bi_Hesabu

Kaka Fundi, njia yako inapendeza, ila kompyuta inaikataa:

```python
import numpy as np
g = np.random.default_rng()
n = 4_000_000
a, b, c = g.random((3, n))
print((b*b >= 4*a*c).mean())
```

Inatoa 0.254 na kitu, kila ukiirudia. 1/9 ni 0.111. Hiyo si tofauti ya kusema bahati imecheza.

#4 Fundi_wa_Kanuni

Namba za kompyuta si za kibahati kweli, kila mtu anajua. Nionyeshe mstari ulio na kosa kwenye hesabu yangu, usinionyeshe kompyuta.

#5 Mkunjo_wa_Pwani

Mstari wenye kosa ni ule wa "1 − 2√(ac)". Jaribu a = 0.9 na c = 0.9. √(ac) ni 0.9, kwa hiyo umeandika 1 − 1.8 = −0.8. Uwezekano wa hasi haupo. Pale ambapo 2√(ac) inazidi 1, hakuna b yoyote kati ya 0 na 1 inayoweza kufika, na uwezekano ni sifuri tu. Wewe umeingiza namba hasi kwenye wastani, nazo zikala sehemu ya zile chanya. Ndiyo maana jibu lako limekuwa dogo kuliko la Bi Hesabu.

Sasa mchoro, kwa aliyeanzisha uzi. Chukua mchemraba wa upande 1. Sakafuni weka a kwenda kulia na c kwenda mbele, na b iwe kimo. Kila mlinganyo ni nukta moja ndani ya mchemraba huo, na kwa kuwa kila mahali pana nafasi sawa, uwezekano tunaoutafuta ni ujazo wa sehemu ambayo b² ≥ 4ac.

Mpaka wa sehemu hiyo ni uso b = 2√(ac). Pembeni, pale a = 0 au c = 0, uso umelala sakafuni. Ukielekea kona ya a = 1, c = 1 unapanda, na ungeachiwa ungefika kimo cha 2. Lakini mchemraba una kimo cha 1 tu, hivyo uso unatoboa dari kabla ya kufika konani. Unatobolea pale 2√(ac) = 1, yaani ac = 1/4. Kwenye sakafu huo ni mstari uliopinda unaotoka (1/4, 1) hadi (1, 1/4).

Tunachohitaji ni ujazo ulio juu ya uso na chini ya dari. Upande wa pili wa ac = 1/4, kuelekea kona ya (1, 1), hakuna ujazo wowote. Fundi aliuhesabu upande huo pia, na ukamjia kwa alama ya kutoa.

#6 Tarakimu_Tatu

Hapo nimeona mchemraba. Tuandikie basi intigrali yenyewe. Nashindwa kuweka mipaka ya c, kwa sababu huo mkunjo hauanzii a = 0.

#7 Mkunjo_wa_Pwani

Umeshika penyewe. Mkunjo c = 1/(4a) unaingia kwenye mraba wa sakafu pale a = 1/4. Kabla ya hapo 1/(4a) ni kubwa kuliko 1, na kinachoizuia c ni ukuta wa mraba, siyo mkunjo. Kwa hiyo tunagawa vipande viwili.

Kipande cha kwanza, a kutoka 0 hadi 1/4. Hapa c inaenda 0 hadi 1 yote. Intigreti (1 − 2√a√c) kwa c: √c inatoa 2/3, unabaki na 1 − (4/3)√a. Sasa intigreti kwa a kutoka 0 hadi 1/4. Ile 1 inatoa 1/4. Ile √a inatoa (2/3)(1/4)^(3/2) = (2/3)(1/8) = 1/12, ukizidisha na 4/3 unapata 1/9. Kipande hiki ni 1/4 − 1/9 = 5/36.

Kipande cha pili, a kutoka 1/4 hadi 1, na c kutoka 0 hadi 1/(4a). Sehemu ya 1 inatoa 1/(4a). Sehemu ya mzizi ni 2√a × (2/3) × (1/(4a))^(3/2). Tulia hapo: (1/(4a))^(3/2) ni 1/(8a√a), √a inakatana na √a, na unabaki na 1/(6a). Tofauti yake ni 1/(4a) − 1/(6a) = 1/(12a). Intigrali ya 1/(12a) kutoka 1/4 hadi 1 ni (1/12) ln 4, ambayo ni (1/6) ln 2.

Jumla: 5/36 + (ln 2)/6. Kwa desimali 0.13889 + 0.11552 = 0.25441.

Logi imetokea kwenye kipande cha pili, kwa sababu mpaka wake ni c = 1/(4a) na eneo chini ya mkunjo wa aina hiyo huwa ni logi. Eneo la sakafu lililo chini ya ac = 1/4 lenyewe ni 1/4 + (ln 4)/4, takriban 0.597. Maana yake ukiokota a na c peke yake, kwa karibu asilimia 40 ya nyakati mlinganyo umeshapoteza mizizi halisi kabla hata b haijaokotwa.

#8 Jirani_wa_Mraba

Samahanini wakuu, naona mnazunguka mbali. Mlinganyo wowote wa kwadratiki unaugawa kwa a, unapata x² + bx + c = 0. Sharti linakuwa b² ≥ 4c, yaani c ≤ b²/4. Kwenye mraba wa b na c hilo ni eneo chini ya parabola: intigrali ya b²/4 kutoka 0 hadi 1 ni 1/12. Hakuna mchemraba, hakuna logi. Jibu 1/12.

#9 Bi_Hesabu

Jirani, 1/12 ni jibu sahihi la swali lingine, lile ambalo koefisienti ya x² ni 1 tangu mwanzo. Hapa ukigawa kwa a, namba mpya ni b/a na c/a. Hizo hazikai tena kati ya 0 na 1. a ikiwa 0.02, b/a inaweza kufika 50. Isitoshe, zote mbili zimegawiwa kwa a ileile, kwa hiyo a ikiwa ndogo zote zinakua pamoja. Hazijasambaa sawasawa na zinategemeana. Mizizi haibadiliki ukigawa, hilo kweli, lakini usambaaji wa koefisienti unabadilika, na uwezekano unahesabiwa kwa usambaaji huo.

#10 Jirani_wa_Mraba

Sawa, naona kwamba c/a inaweza kuwa kubwa. Ila b/a nayo inakuwa kubwa, tena inapigwa kipeuo. Kwa nini visifidiane?

#11 Mkunjo_wa_Pwani

Havifidiani, na a ndogo ndiyo inayoonyesha. Sharti baada ya kugawa ni (b/a)² ≥ 4(c/a). a ikipungua, kushoto kunakua kwa 1/a² na kulia kwa 1/a tu. Kushoto kunashinda. Ndiyo sababu kipande cha a chini ya 1/4, ambacho ni robo tu ya upana wa sakafu, kimetoa 5/36 kati ya jumla, zaidi ya nusu ya jibu zima. Ukilazimisha a iwe 1 umeifuta sehemu yote iliyo rafiki kwa mizizi halisi na kubaki na ukuta wa a = 1, mahali pabaya kuliko pote kwa upande wa a. 1/12 ni sehemu ya ukuta huo peke yake.

#12 Mwl_Kete

Hamjambo. Mimi swali hili huwa nalifanyisha darasani kwa kete tatu, a, b, c kila moja 1 hadi 6, na jibu ni 43/216, yaani 0.199. Kwa hiyo naona 0.254 yenu ni kubwa mno. Hesabuni wenyewe jozi za a na c kwa kila b: b = 1 hakuna, b = 2 jozi 1, b = 3 jozi 3, b = 4 jozi 8, b = 5 jozi 14, b = 6 jozi 17. Jumla 43.

#13 Bi_Hesabu

Mwalimu shikamoo. 43/216 ni sahihi kabisa kwa kete, nimezihesabu upya na zinakubali. Lakini kete hutoa namba sita tu, na swali la uzi linaruhusu namba yoyote kati ya 0 na 1. Kwenye kete a ndogo kabisa ni moja ya sita ya a kubwa kabisa, na c vivyo hivyo. Zile kingo za mchemraba ambako a au c iko karibu na sifuri, ambazo ndizo zenye mizizi halisi nyingi, kete haizifikii.

Ukichukua namba 1 hadi 10 badala ya 1 hadi 6, unapata 217 kati ya 1000, yaani 0.217. Inapanda kuelekea 0.254 kadiri nyuso zinavyoongezeka, lakini pole pole.

#14 Mwl_Kete

Marahaba. Na ile ya mizizi iliyo sawa? Kwenye kete mimi hutenganisha: 43 ni pamoja na b² = 4ac, ukitaka mizizi miwili tofauti ni 38. Ninyi mmeandika ≥ bila kusema kitu.

#15 Mkunjo_wa_Pwani

Mwalimu, kwenye mchemraba b² = 4ac ni uso mtupu, hauna unene, kwa hiyo ujazo wake ni sifuri. Weka ≥ au >, jibu halibadiliki. Hata a = 0, ambapo mlinganyo si wa kwadratiki tena, ni ukuta usio na unene na hauhitaji kuondolewa. Kwa namba kamili mambo yote mawili yana uzito, na anayetumia namba za −9 hadi 9 lazima aamue kwanza a = 0 anaifanyaje, la sivyo watu wawili watatoa majibu tofauti na wote watakuwa wamehesabu vizuri.

#16 Safu_na_Nguzo

Nimefanya kwenye Excel. A, B na C ni `=RAND()`, safu ya nne ni `=IF(B2^2>=4*A2*C2,1,0)`, mistari 1000, halafu wastani. Nimepata 0.249. Kwangu hiyo ni 1/4, na 1/4 ni namba safi kuliko hiyo ya logi. Mna hakika gani kwamba siyo 1/4?

#17 Bi_Hesabu

Kwa mistari 1000 huwezi kujua. Kosa la kawaida la wastani wa aina hii ni √(p(1 − p)/n). Kwa p ya 0.254, √(p(1 − p)) ni kama 0.436. Ukigawa kwa √1000 unapata 0.014. Tofauti kati ya 1/4 na 0.2544 ni 0.0044 tu, chini ya theluthi moja ya hilo kosa. Bonyeza F9 uone: itaruka 0.241, 0.263, 0.255, popote.

Ili makosa matatu ya kawaida yatoshee ndani ya 0.0044 unahitaji karibu majaribio 90,000. Kwa milioni moja kosa linashuka hadi 0.0004, na hapo 1/4 inaanguka wazi. Usafi wa namba haumo kwenye vigezo.

#18 Safu_na_Nguzo

Nimeburuta fomula hadi mistari 100,000, kompyuta ikalalamika kidogo. 0.2551. Haya, 1/4 nimeiacha.

#19 Tarakimu_Tatu

Nimejaribu kuanza na b badala ya kumaliza na b, nione kama nafika palepale. Kwa b iliyoshikwa, sharti ni c ≤ b²/(4a). Nikaintigreti b²/(4a) kwa a kutoka 0 hadi 1, ikaenda kusikojulikana. ln 0. Nimekwama.

#20 Mkunjo_wa_Pwani

Ni ukuta uleule umesahauliwa, sasa kwa upande wa c. a ikikaribia 0, b²/(4a) inapita 1, lakini c haiwezi kupita 1. Andika t = b²/4. Kwa a chini ya t, c ni huru kabisa, na hiyo inatoa eneo t. Kwa a kutoka t hadi 1, c inaishia t/a, na intigrali yake ni −t ln t. Kwa hiyo eneo la sakafu kwa kila b ni t − t ln t.

Rudisha b: (b²/4)(1 − ln(b²/4)), intigreti kutoka 0 hadi 1. Sehemu ya kwanza ni 1/12. Ya pili, gawa ln(b²/4) iwe 2 ln b − ln 4, na kumbuka intigrali ya b² ln b kutoka 0 hadi 1 ni −1/9. Utapata 1/18 + (ln 4)/12. Jumla 1/12 + 1/18 + (ln 2)/6, na 1/12 + 1/18 ni 5/36. Palepale.

Binafsi naipenda njia hii kwa sababu vipande havigawanyiki kwa namba ngeni kama 1/4, na pia inafungua swali linalofuata bila kazi mpya: b ikiwa na upana mwingine.

#21 Fundi_wa_Kanuni

Hebu ifungue basi. Mimi bado nasema fomula yangu haina ubaya, ila b mliyonipa ni fupi.

#22 Mkunjo_wa_Pwani

Hapo Fundi una haki kuliko unavyodhani. Acha a na c kati ya 0 na 1, ila b iwe kati ya 0 na k. Dari sasa iko kimo cha k, na uso wetu haupandi zaidi ya 2. Kwa hiyo k ikiwa 2 au zaidi, uso hautoboi dari kabisa. Uwezekano kwa kila a na c ni 1 − 2√(ac)/k, hauwi hasi popote, na wastani wake ni 1 − 8/(9k). Hiyo ndiyo fomula ya Fundi. Kwa k = 2 inatoa 5/9. Kwa k = 10 inatoa 0.911.

Kwa k chini ya 2 dari inatobolewa, na intigrali ya #20 ukiipeleka hadi k na kugawa kwa k inatoa k²(5/36 + (1/6) ln(2/k)). Weka k = 1 unapata jibu la uzi. Weka k = 2, logi inakuwa ln 1 = 0, unabaki na 4 × 5/36 = 5/9. Fomula mbili zinakutana kwenye k = 2 bila kuachana, na huo ndio ukaguzi ninaoupenda kuliko simulesheni: ukikosea kipande kimoja cha eneo, mara nyingi haziungani.

1/9 ya #2 ni fomula ya k ≥ 2 iliyotumiwa pale k = 1.

#23 Fundi_wa_Kanuni

Nilisema b ni fupi.

#24 Jirani_wa_Mraba

Na zikiwa kati ya 0 na 100 zote tatu? Nadhani itapanda, b² inakuwa kubwa sana.

#25 Bi_Hesabu

Haibadiliki hata kidogo. Zidisha a, b, c zote kwa 100: b² inazidi mara 10,000, na 4ac nayo mara 10,000. Ni mlinganyo uleule. 0.2544 inabaki.

Ila kwenye x² + bx + c yako upana una maana, kwa sababu koefisienti ya kwanza imeganda kwenye 1 na haikui pamoja na wenzake. Chukua b na c kati ya −N na N. Mizizi haiko halisi pale tu c inapozidi b²/4. Kwa N hadi 4, parabola inatoka kwenye mraba kupitia kuta za pembeni, na uwezekano wa mizizi halisi ni 1/2 + N/24. Ukizidi 4, parabola inagonga dari kwanza, kwenye b = ±2√N, na eneo lililo ndani ya parabola ni (8/3)N√N. Gawa kwa 4N², uwezekano wa mizizi halisi ni 1 − 2/(3√N). Kwenye N = 4 zote zinatoa 2/3. Kwa N = 100 ni 0.933, na inaendelea kuelekea 1.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia 1/2 + N/24 bila kuangalia N. Kwa N = 100 ingekupa zaidi ya 4, na hapo angalau kosa linajitangaza. Kwa N = 6 inakupa 0.75, namba inayoonekana ya heshima kabisa, wakati sahihi ni 0.728.

#26 Tarakimu_Tatu

Na kwa a, b, c zote kati ya −1 na 1? Tuanze mchemraba upya?

#27 Mkunjo_wa_Pwani

Hapana, ishara zinakusaidia. Nusu ya nyakati a na c zina ishara tofauti, ac ni hasi, b² − 4ac ni chanya bila kuuliza b. Nusu nyingine ac ni chanya, na kwa kuwa b inapigwa kipeuo ishara yake haina kazi, umerudi kwenye mchemraba wa 0 hadi 1. Kwa hiyo 1/2 + (1/2)(0.25441) = 0.6272. Kwa ukamilifu wake, 41/72 + (ln 2)/12.

#28 Mwl_Kete

Basi nina neno kwa watunga mitihani. "Mlinganyo wa kwadratiki wa kibahati" pekee si swali. Humu ndani tumepata 1/12, 0.199, 0.254, 5/9, 0.627 na hata 1, na karibu zote ni sahihi kwa namna fulani ya kuokota. Swali lisilosema koefisienti zinaokotwa wapi lifutwe.

#29 Fundi_wa_Kanuni

Mwalimu, hapo sikubaliani nawe kabisa. Asiposema, mtu anachukua 0 hadi 1. Ndivyo ilivyo desturi.

#30 Mwl_Kete

Desturi ya nani? Mwanafunzi mwenye akili atachukua −1 hadi 1, kwa sababu koefisienti hasi zipo kwenye kila zoezi alilowahi kufanya. Utamnyima alama?

#31 Safu_na_Nguzo

Nikiwaacha na ugomvi wenu: kuna aliyejaribu digrii ya tatu? ax³ + bx² + cx + d, zote −1 hadi 1, mizizi yote mitatu iwe halisi. Kwenye Excel naweza kupata makadirio, ila nataka namba kamili kama hii ya ln 2.

#32 Mkunjo_wa_Pwani

Sharti lake ni b²c² − 4ac³ − 4b³d − 27a²d² + 18abcd ≥ 0. Vipimo vinne badala ya vitatu. Habari njema ni kwamba ukishika a, b na c, hiyo ni kwadratiki ya d, kwa hiyo d inakaa kati ya namba mbili unazoweza kuziandika, na zipo tu pale b² ≥ 3ac. Habari mbaya ni kwamba namba hizo mbili zinaweza kupita −1 au 1, kila moja kwa wakati wake, na kila mara inapotokea unakata kipande kipya, kama tulivyokata kwenye ac = 1/4. Na mipaka ya hivyo vipande si mikunjo rahisi kama 1/(4a).

Anza kwa kuachia d isiwe na ukuta, uhesabu urefu kati ya hizo namba mbili: ni 4(b² − 3ac)^(3/2)/(27a²). Hiyo inaintigretika kwa c na b kwa mkono. Kisha tafuta ni wapi ukuta wa d unaanza kuuma. Nikipata vipande vyote nitaviweka hapa, ila mwenye kuvipata kabla yangu asinisubiri.

#33 Jirani_wa_Mraba

Ukigawa kwa a kwanza inakuwa rahisi zaidi.

#34 Bi_Hesabu

Jirani, rudi #9.